Siku moja maishani mwangu: naandika muhtasari wa video isiyosikika

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nasema natazama video, nao wanacheka. Shemeji yangu huniita "mama wa sinema". Basi leo njooni tukae wote.

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua ofisi, yaani chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani hapa Morogoro. Chai, kompyuta, hedifoni zile kubwa za kufunika sikio lote.

Saa 2:00. Afisa wa mradi mmoja wa maji amenitumia kwa WhatsApp video ya dakika 41, mkutano wa kijiji kimoja mkoani Dodoma. Maandishi ya mkutano hakuna, kwa sababu daftari la katibu halionekani. Anataka ukurasa mmoja kabla ya saa 10 jioni: wanakijiji wamekubali ndoo ya lita 20 ipande kutoka shilingi 50 hadi 100, au hawakukubali?

Kabla sijagusa chochote namwomba aitume upya kama dokumenti. Ikitumwa kama video ya kawaida, WhatsApp huibana, na nyuso za watu wa nyuma zinageuka madoa.

"Dada yangu, si ni ileile?"

Siyo ileile, kaka. Inafika saa 3 kasoro.

Saa 3:00. Simu iliwekwa juu ya kiti, na hatua chache pembeni jenereta la pampu linanguruma mwanzo mwisho. Kwa programu ya ffmpeg natoa sauti peke yake, kisha picha moja kila sekunde 10:

```
ffmpeg -i mkutano.mp4 -vn -ac 1 -af highpass=f=150 mkutano.wav
ffmpeg -i mkutano.mp4 -vf fps=1/10 picha_%04d.jpg
```

Amri ya kwanza inapunguza mngurumo wa chini ya 150 Hz. Haimalizi kelele, maana sauti ya jenereta inapanda hadi palepale wanapoongelea watu. Sauti za juu sizigusi kabisa. Huko ndiko zinakokaa s, f na sh, na zile programu za kusafisha kelele huzifagia pamoja na uchafu. Unabaki na sauti laini, nzuri masikioni, ambayo huwezi kuapa imesema nini.

Amri ya pili inanipa picha 246 hivi. Nazipitia haraka kabla ya kusikiliza, nijue nani anasimama lini, lini watu wananyoosha mikono, lini wote wanageukia upande mmoja. Hiyo ndiyo ramani yangu. Picha ninayoitilia shaka naitafuta tena kwenye video yenyewe, maana saa inayokadiriwa kutokana na namba ya picha inaweza kupishana kwa sekunde kadhaa.

Saa 4 hadi saa 6. Nasikiliza. Naandika dakika, aliyesema, maneno niliyoyasikia, na alama [haisikiki] pale yanapokatika. Mgongo unaanza kudai haki yake.

Halafu tukafika dakika ya 27, na hapo siku yangu ikaishia.

Mwenyekiti anasimama. Kwenye 27:44 anasema kitu, kisha nasikia vizuri kabisa "...tutaanza kulipa mia...", kisha kelele. Mikono inanyooshwa, mingi. Mtu mwingine angefunga kazi hapo: wamekubali. Lakini sikilizeni. Simu hujiongezea sauti yenyewe watu wakinyamaza, kwa hiyo mwenyekiti akitua kuvuta pumzi, jenereta ndilo linalopanda, na mwanzo wa neno lake linalofuata unaweza kuzama. Kilichozama kinaweza kuwa silabi moja tu, "ha". "Tutaanza" na "hatutaanza" zinatenganishwa na hiyo, na ndani yake mna shilingi 50 kwa kila ndoo ya kijiji kizima.

Nikapunguza mwendo. Nikasikia "ha". Nikarudia, nikasikia "ba", labda "sasa". Sikio ukishaliambia linachotafuta, litakuletea. Ndiyo maana kipande kigumu nampa mtu mwingine asikilize bila kumdokeza chochote.

Na midomo? Mwenyekiti yuko mbali, na h haina umbo mdomoni. Ingekuwa m, b au p, midomo ingefungana na pengine ningeona.

Na mikono? Mikono inasema watu wengi wameafiki jambo, haisemi jambo gani. Tena kamera inaona nusu ya mkutano. Siwezi kuandika idadi ya kura nisiyoiona.

Simu ikaita. "Dada, imefikia wapi? Andika tu wamekubali, mbona mikono inaonekana?" Nikamweleza. Akapiga tena baada ya chakula. "Video ya dakika 41 unaiangalia siku nzima?" Nikakaa kimya, maana nilichotaka kusema hakifai kwa mteja.

Dakika ya 29 bibi mmoja anaongea Kigogo, karibu kabisa na simu, na mimi Kigogo sijui. Nikamwita mama fundi, yeye ni Mgogo. Nikamvalisha hedifoni, nikamwambia, "Mama, niambie tu unachosikia." Akasikiliza huku sindano iko mdomoni. Akasema bibi analalamikia tangi, kwamba linavuja na maji yanapotea bure, halafu kuna maneno hakuyapata. Nikarudi kwenye picha: wakati huohuo bibi anaonyesha kidole, vichwa vyote vinageuka, na nyuma kabisa chini ya tangi kuna majani mabichi peke yake kwenye ardhi kavu. Hapo sauti na picha zimekubaliana.

Bado mia yangu.

Kilichoniokoa ni mtu aliyeinua simu ili aizime. Karibu na 31:12 kamera inapepesuka na kupita mbele ya bango kitita la katibu kwa kama sekunde mbili. Picha zangu za kila sekunde 10 zililiruka. Ndipo nikazitoa fremu zote za hapo:

```
ffmpeg -ss 00:31:12 -t 2 -i mkutano.mp4 bango_%03d.png
```

Kwa fremu 30 kila sekunde unapata picha kama 60, karibu zote ukungu mtupu kwa sababu mkono unatembea. Lakini mkono ukigeuza mwelekeo husimama kidogo, na fremu ya hapo husomeka. Ikasomeka: "50/= iendelee mpaka tangi litengenezwe." Mstari wa chini yake umekatwa na bega la mtu.

Simu ilirudishwa kwenye kiti, dakika zilizobaki ni za mchango wa msiba. Nilizimaliza kwa mwendo wa kawaida.

Saa 10 ilishapita. Nikaandika:

*Kimeonekana: bango kitita (31:13), bei ya 50/= iendelee mpaka tangi litengenezwe; mstari unaofuata hausomeki. Kimesikika: "...tutaanza kulipa mia..." (27:44), mwanzo wa sentensi hausikiki. Bibi (dakika ya 29, Kigogo, kwa msaada wa mkalimani): tangi linavuja. Kura: mikono mingi kwa upande unaoonekana, swali lililopigiwa kura halisikiki. Makisio yangu: bei haipandi kabla ya tangi kutengenezwa. Ithibitishwe kwa katibu.*

Afisa akajibu, "Nani kakwambia uandike mambo ya tangi?" Baada ya nusu saa: "Sawa. Kesho kuna nyingine, dakika 70, mkutano ulifanyika gulioni."

Nikamwandikia bei yangu mpya, na chini yake: itume kama dokumenti, na mwambie aliyerekodi apige picha ya bango kitita kabla halijakunjwa.

Bei ameiona. Bado hajajibu.