Mlango, Kinyume

Jumapili ya mwisho wa mwezi niliketi na daftari langu la mawazo, nikalisoma tangu mwanzo kwa mara ya kwanza. Mwezi mzima nilikuwa nikiandika tu. Nilihesabu mawazo 41. La saba lilisema: "mlango, kinyume". Nilikodoa macho, sikukumbuka chochote. Mengine 10 yalikuwa hivyo hivyo, maneno mawili matatu yaliyoeleweka siku niliyoyaandika na kufa kesho yake.

Jioni ile ndipo nilipobadili namna ya kuandika. Tangu hapo, mbali na tarehe niliyokuwa nikiiweka tangu mwanzo, kila wazo hupata sentensi nzima yenye kitenzi, na maneno machache ya kilicholizua: nani alisema nini, nilikuwa nafanya nini. Ni sekunde 30 za ziada, na hizo ndizo huliokoa wazo. Kuhukumu sihukumu wakati wa kuandika; ukianza kujiuliza kama wazo lina maana, kalamu husimama.

Yale 30 yaliyosomeka niliyapitia mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma tu, bila alama. Bahati njema, maana kasoro kubwa ya mapitio ni kuchagua lililo jipya kwa sababu bado lina joto. Nilipokuwa nasoma nikaona jambo. Tarehe 4 nilikuwa nimeandika kwamba wanafunzi wangu wa jioni husahau somo kati ya kipindi na kipindi. Tarehe 13: tengeneza kadi za msamiati. Tarehe 26: mwanafunzi mmoja anasikiliza redio njiani, kila siku. Siku nilizoyaandika niliyaona mawazo matatu tofauti. Yakisomwa pamoja, yalikuwa tatizo moja likitafuta njia ya kutokea, na njia yenyewe ilikuwa kwenye lile la tatu: marudio ya sauti, dakika 2, ya kusikiliza njiani.

Mara ya pili nilitia alama. Nyota kwa linaloweza kufanyika, duara kwa linalosubiri, mstari kwa lililokufa. Nyota zilikuwa 9, nyingi mno. Nikajiwekea sharti: hakuna linalohamia kurasa za nyuma, kwenye akiba, mpaka niliandikie hatua ya kwanza inayomalizika ndani ya saa moja kwa vitu nilivyo navyo. Matano yaliangukia hapo. Si kwamba yalikuwa mabaya. Sikujua pa kuyaanzia, basi yakarudi kwenye duara. Duara likipita mapitio matatu bila kuguswa, nalikata.

Yakabaki manne. La sauti niliandika hivi: "Alhamisi, baada ya kipindi, rekodi maneno 8 ya leo kwa simu, mtumie mwanafunzi mmoja tu." Mmoja, kwa sababu nilitaka kujua kama atasikiliza kabla sijatengeneza 20.

Alhamisi nilirekodi. Jumanne aliingia darasani akiyataja maneno 6 kati ya 8, na akaniuliza mbona sikumtumia mengine.