Farasi wangu na askari wa pembeni: sare niliyoipata Kamanga

Jirani na kivuko cha Kamanga kuna wazee wanaocheza drafti, na miaka miwili hivi iliyopita mmoja wao alianza kuja na ubao wa sataranji. Mimi huwa nasubiri pale feri ya jioni, kwa hiyo ikawa kawaida: feri ikichelewa, tunapanga. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha, kwa kunifunga, kwamba farasi na askari wa pembeni wana hesabu yao wenyewe.

Mara ya kwanza nilifungwa kwa uzembe. Askari wake mweupe wa safu ya h alikuwa mstari wa saba, yaani h7, na hatua moja tu ilimtenganisha na umalkia. Mfalme wangu alikuwa mbali. Nikajiambia, farasi akisimama h8 mbele yake, atapita wapi? Nikamweka pale. Mzee hakusogeza askari kabisa. Alileta mfalme wake g7, na farasi wangu akawa amefungiwa kwenye kona. Kutoka h8 farasi ana milango miwili tu, f7 na g6, na akitoka kwa mlango wowote mfalme aliyeko g7 anamla. Feri ilipiga honi nikiwa bado nautazama ubao.

Usiku ule nililipanga tena nyumbani. Askari wa safu nyingine, tuseme ya g, akiwa mstari wa saba na farasi wangu g8 mbele yake, mfalme akija farasi ana pande mbili za kukimbilia na kurudi, na peke yake anapata sare. Wa pembeni ndiye mwenye shida, kwa sababu upande mmoja wa ubao haupo. Huyo lazima azuiwe akiwa bado mstari wa sita. Kwa lugha ya vitendo, farasi awe anailinda h7 kabla askari hajaikanyaga. Kuilinda h8 ni kuchelewa, isipokuwa mfalme wako mwenyewe yuko karibu kusaidia.

Nilipojua kwamba h7 ndiyo mraba wa kugombea, swali likabaki la kufika. Farasi anailinda h7 akiwa f8, f6 au g5. Miraba hiyo mitatu yote ni ya giza. Na farasi kila akiruka hubadili rangi: kutoka giza huangukia mwanga, kutoka mwanga huangukia giza. Kwa hiyo akiwa kwenye mraba wa giza, atafika huko kwa miruko miwili au minne, kamwe si mmoja wala mitatu. Kabla sijahesabu njia naangalia kwanza rangi aliyosimama. Inachukua sekunde moja, na mara nyingi inatosha kunikatisha tamaa mapema.

Nafasi ya kuitumia hesabu hiyo ilikuja mwezi Machi. Mzee mweupe: mfalme f7, askari h5 na b3. Mimi mweusi: mfalme b4, farasi d2. Zamu yangu. Askari wa b3 alikuwa mdomoni mwangu kabisa. Farasi anaweza kumla, mfalme anaweza kumla, na mimi nilikuwa na njaa.

Nikahesabu. d2 ni giza, nahitaji miruko miwili. Nikianza sasa, ninayo miwili: naruka, yeye anasogeza h6, naruka tena, na h7 inalindwa. Farasi akimla b3 anakuwa kwenye mwanga, na kutoka pale hadi g5 au f8 ni miruko mitatu, wakati baada ya h6 nabaki na mmoja tu kabla askari hajafika h7. Kumla kwa mfalme ndiyo mtego wenyewe, maana farasi anabaki mahali pake na unaona kama hujapoteza kitu. Lakini yeye anasogeza h6, mimi naruka e4, na badala ya kukimbilia h7 analeta mfalme g6. Hapo anazifunga g5 na f6 kwa pamoja, na mimi nimekwisha.

Nikaiacha b3. Njia zilikuwa mbili, f3 au e4. Nilipenda e4 kwa sababu kutoka pale farasi anaona g5, f6 na pia g3, ambako angemnyemelea askari wa h5 kwa nyuma. Nikaruka e4.

Mzee akasogeza h6. Nikaenda g5, cheki. Akaja g6, sasa anamgusa farasi wangu. Hapa ndipo zamani ningeganda, maana f8 haifikiki kwa mruko mmoja kutoka g5 na lazima niondoke. Nikaenda e6. Ukitazama haraka, e6 haiilindi h7 hata kidogo. Lakini mfalme wake yuko g6: akisukuma h7, nacheza f8, cheki, na kutoka f8 farasi anamgusa mfalme na askari kwa wakati mmoja. Mfalme anaondoka, namla askari. Mzee alinyoosha mkono kwa askari, akaurudisha, akacheka kidogo.

Akacheza mfalme f6. Nikaenda f8. Akaja f7, nikarukia h7, mbele kabisa ya askari. Akaja g7, nikarudi g5. Akija g6 nakwenda e6, tunaanza upya. Tulizunguka mara mbili hivyo, f8, h7, g5, e6, kama daladala inayogeuzia stendi ileile. Kumbuka pale h7 farasi hakukwama kama alivyokwama h8, kwa sababu kutoka h7 ana g5, f8 na f6, na mfalme mmoja hawezi kuifunga yote kwa wakati mmoja.

"Sare, kijana wangu," akasema. Halafu, kama kawaida yake, akarudisha vipande nyuma. "Lakini ulipokuwa e4, ningekuja g6 kwanza, kabla ya kusukuma, ungefanyaje?"

Ni swali zuri, na mezani sikulijibu. Nilifikiri kwamba nimepona kwa bahati, maana g5 na f6 zimefungwa na farasi yupo kwenye mwanga, rangi imekataa. Jibu nililipata kwenye feri, katikati ya maji: farasi anarudi nyuma, c5. Mzee anasogeza h6, farasi anakwenda e6, na tumefika palepale, h7 inajibiwa kwa f8 cheki. Rangi ilikataa kwa sababu nilikuwa nahesabu miraba mitatu tu. Mfalme akiwa g6, e6 inakuwa mraba wa nne, na huo ni wa mwanga. Na mfalme akiwa f5 badala ya g6, wakati farasi yupo e4? Hapo g3 ndiyo dawa: cheki, na askari wa h5 anakwenda.

Kesho yake nilimwonyesha c5. Akaitazama muda mrefu, akaniuliza kama nimekula.

Bado naicheza vibaya mfalme mweupe anaposimama h7 mwenyewe, mbele ya askari wake wa h6, na farasi wangu yuko e6. Mkono hutaka kutoa cheki f8, na hiyo ni kosa: mfalme anakwenda g8, anamgusa farasi, na farasi hana tena mahali pa kuilindia h7. Cheki sahihi ni ya g5. Nimeikosea mara mbili mwezi huu.