Ile Moja Inayotolewa

Chuo cha ualimu nilichosomea kilitutaka tutengeneze zana za kufundishia kwa vitu vya kuokota, na mimi nilipangiwa ubao wa misumari. Nilichora miraba ya sentimita moja kwenye kipande cha mbao, nikapigilia msumari mdogo kila mistari ilipokutana, kisha nikakata tyubu ya baiskeli kuwa pete za mpira. Ukivutisha pete kwenye misumari unapata umbo lolote utakalo. Kabla ya kuugusa ubao huo, mkufunzi wetu wa hisabati, ambaye wote tulimwita Madam, alimgawia kila mwanachuo karatasi yenye nukta zilizopangwa vilevile, akachora umbo moja ubaoni tulinakili.

Umbo lenyewe lilikuwa na pembe tano. Tuliita kona ya chini kushoto (0,0). Kutoka hapo tulikwenda (6,2), tukapanda hadi (4,6), tukaingia ndani (2,3), tukatoka (0,5), kisha tukashuka wima hadi tulikoanzia. Ule mbonyeo wa (2,3) aliuweka kwa makusudi, maana alijua tulizoea maumbo yenye adabu.

Tulifanya tulivyofundishwa tangu shule ya msingi. Tulilizungushia umbo mraba wa 6 kwa 6, wenye eneo la 36, tukaanza kutoa vya nje. Pembetatu ya chini ni 6, ya kulia ni 4, na kile kipande cha juu kushoto kilichotusumbua ni 7. Jumla 17, kwa hiyo umbo lina sentimita za mraba 19. Wa kwanza aliponyoosha mkono, Madam alikuwa ameshaandika 19 pembeni na kukaa.

“Madam, umelipimia nyumbani,” mmoja akalalamika.

“Sijapima. Nimehesabu nukta. Za ndani 14, za mpakani 12. Nusu ya 12 ni 6. Kumi na nne na sita ni ishirini, toa moja.”

Akaandika ubaoni:

A = I + B/2 − 1

I ni nukta za ndani kabisa, B ni zile ambazo mstari wa mpaka unazipitia, kona zikiwemo. Akatuambia ni kanuni ya Georg Pick, mwanahisabati mzaliwa wa Vienna aliyeichapisha mjini Prague mwaka 1899. Mzee huyo alifia kwenye kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mwaka 1942, na hilo Madam alilisema kwa sauti ileile aliyotajia mwaka wa kanuni.

Tuliporudia hesabu wenyewe, majibu yakatofautiana. Dawati la nyuma walipata 19.5, wengine 18.5. Madam hakuuliza nani kakosea. Alitazama tu zile nusu, akasema: “Kuna nukta ya mpakani imewapotea. Tazameni mstari wa chini.” Kweli, mstari wa kutoka (0,0) hadi (6,2) unapita juu ya nukta (3,1), lakini kwa penseli butu huwezi kuapa kama umeigusa au umepita kando. Waliodhani iko ndani walizidisha nusu. Ambao hawakuihesabu kabisa walipunguza nusu.

Dawa yake ilikuwa kutoyaamini macho. Mstari huo unakwenda kulia hatua 6 na kupanda hatua 2. Kigawo kikubwa cha shirika cha 6 na 2 ni 2, basi mstari umegawanyika vipande 2 sawa, na katikati kuna nukta moja. Upande wa (2,3) hadi (4,6) ni hatua 2 na 3, kigawo chake ni 1, hivyo katikati hamna kitu. Ukijumlisha vigawo vya pande zote unapata 2, 2, 1, 2 na 5, yaani 12, bila kukodoa macho. Mpaka leo nasahihisha madaftari kwa njia hiyo.

Ila mimi ile moja ilinikera. Nusu ya nukta za mpakani inaeleweka, kwa kuwa mpaka unazikata. Lakini kutoa moja, hata kama umbo ni dogo au kubwa, lina pembe tatu au hamsini? Nikauliza. Madam akafurahi waziwazi, nadhani ndilo swali alilokuwa akilisubiri.

Akasema tuweke chapati ndogo juu ya kila nukta, kila chapati ihesabiwe moja, kisha tujumlishe kiasi kinachoangukia ndani ya umbo. Nukta ya ndani inatoa chapati nzima. Nukta iliyo kwenye mstari ulionyooka inatoa nusu. Kona inatoa kipande kulingana na pembe yake: nyuzi 90 ni robo.

Mstatili wa 4 kwa 3 una nukta 6 za ndani, 10 za kwenye mistari zinazotoa 5, na kona nne zinazotoa 1. Jumla 12, sawa na eneo. Ukiukata kwa ulalo, nusu moja ikizungushwa nyuzi 180 inakaa juu ya nyingine, nukta juu ya nukta, kwa hiyo kila pembetatu mraba inapata nusu ya chapati na nusu ya eneo. Pembetatu nyingine yoyote hupatikana kwa kutoa vipande vya aina hiyo kwenye mstatili, na pembenyingi yoyote hukatika kuwa pembetatu. Unapounganisha vipande, chapati zinaungana bila kuzidi wala kupungua. Basi jumla ya chapati ndiyo eneo, siku zote.

“Sasa jumlisheni kona peke yake,” akasema. Hapo ndipo nilipoiona. Umbo la kona tano lina jumla ya pembe za ndani nyuzi 540, yaani chapati moja na nusu. Kanuni imezihesabia kona hizo tano nusu nusu, mbili na nusu. Imezidisha moja kamili. Kona zikiwa n, pembe zake ni 180 mara (n − 2), na ziada ni ileile, moja. Kanuni ya pembe tuliyoikariri tangu zamani ndiyo iliyojificha mle.

Mwenzetu mmoja wa Kigoma, mtu wa kutafuta ufa kwenye kila ukuta, akachukua ubao wangu wa misumari. Akavutisha pete kubwa, mraba wa 4 kwa 4, na nyingine katikati yake, mraba wa 2 kwa 2. “Tupime hii fremu, Madam.” Eneo ni 16 kutoa 4, yaani 12. Nukta za ndani ya fremu hakuna hata moja. Za mpakani ni 16 za nje na 8 za tundu, jumla 24. Nusu yake 12, toa moja, 11. Darasa likapiga kelele.

Madam alimwacha afurahi kidogo, kisha akamwambia ahesabu chapati za kona. Kona nne za nje zinatoa robo robo, jumla moja. Kona nne za tundu, fremu inazizunguka kwa nyuzi 270, kila moja inatoa robo tatu, jumla tatu. Kona nane, chapati nne: nusu nusu barabara, hakuna kilichozidi, kwa hiyo hakuna cha kutoa. Tundu limeirudisha ile moja. Kengele ya chakula ikalia, lakini jamaa hakutoka. Alikuwa ameshavuta pete ya tatu: mstatili wa 5 kwa 3 wenye matundu mawili ya mraba mmoja mmoja yasiyogusana. Nukta za ndani hakuna, za mpakani ni 16 za nje na 8 za matundu. Nusu ya 24, toa moja, rudisha mbili. Ikaja 13, na kwa kutoa matundu kwenye 15 ikaja 13 vilevile.