Nilivyopanga arifa za kazi za ghala nikiwa Tanga

Arifa yangu ya kwanza ya LinkedIn nilijaza neno la kazi "Storekeeper" na mahali "Tanga". Ikakaa kimya wiki kadhaa. Kazi zilikuwepo, ila anayeweka tangazo huwa yuko makao makuu Dar es Salaam, na kwenye sehemu ya mahali anajaza Dar es Salaam au Tanzania tu. Kituo cha kazi anakitaja ndani ya maelezo, mstari wa tatu au wa nne. Anayechuja kwa mahali hayaoni matangazo hayo kabisa.

Nilichofanya ni kuhamisha neno Tanga. Sehemu ya mahali sasa naandika Tanzania, na Tanga inaingia kwenye maneno ya kutafuta pamoja na majina yote ambayo kazi ile ile huitwa:

```
(storekeeper OR "warehouse officer" OR "supplies officer") AND Tanga
```

OR na AND ziandikwe kwa herufi kubwa, na jina la maneno mawili lifungwe kwa alama za kunukuu, la sivyo utaletewa kila tangazo lenye neno "officer". Majina yenyewe usiyabuni. Fungua matangazo kumi ya zamani ya kazi yako, usome majukumu badala ya kichwa cha habari, kisha uorodheshe vichwa vyote ulivyokutana navyo. Mimi sikuwa nimewaza kwamba mtunza ghala anaweza kutangazwa kama "Inventory Controller", na jina hilo nalo lina arifa yake sasa.

Kabla ya kubonyeza "Set alert", soma matokeo ya ukurasa wa kwanza. Yakiwa matupu, ongeza jina moja moja au ondoa Tanga mpaka yaanze kutoka. Yakija mengi yasiyokuhusu, kaza. Arifa hurudia utafutaji ule ule, hivyo utafutaji mbovu utakuletea barua pepe mbovu kila siku. Kwenye mpangilio chagua "Daily". Ukichagua "Weekly", tangazo linaweza kuwa na siku sita tayari unapoletewa, na waajiri wengine huanza kupitia wasifu kabla ya tarehe ya mwisho.

Kufuata kampuni ni jambo jingine, na hapa wengi tunajidanganya. Kubonyeza "Follow" kunaleta machapisho ya kampuni kwenye ukurasa wako, tena yakiwa yamepangwa na mtandao wenyewe, kwa hiyo tangazo la kazi linaweza kupita bila kuliona. Ukishaifuata, ingia sehemu ya "Jobs" kwenye ukurasa wa kampuni hiyo na uwashe "Create job alert". Kwa Tanga naangalia viwanda vya saruji, wasafirishaji wanaohudumia bandari, na wakandarasi wa bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani.

Bandari yenyewe ni habari tofauti. Ni ya umma, kama ilivyo mamlaka ya maji, na nafasi za taasisi za aina hiyo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye `portal.ajira.go.tz`. Ukitegemea LinkedIn peke yake utazikosa. Huko naingia mwenyewe kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kwa kuwa muda wa kuomba mara nyingi ni kama wiki mbili, na sehemu ya muda huo huliwa na kumtafuta wakili wa kuthibitisha vyeti. Jaza akaunti mapema, namba ya NIDA ikiwemo, ili siku tangazo likitoka ibaki barua ya maombi tu. Vilevile nimeweka Google Alerts kwa Kiswahili, maana halmashauri hutumia majina yetu:

```
"afisa ugavi" OR "mtunza ghala" Tanga
```

Kilichobaki kunikwamisha ni sanduku la barua. Gmail ilikuwa inazitupa arifa kwenye "Promotions", nami nikaziona siku mbili baadaye. Tengeneza kichujio chenye anwani hizi kwenye sehemu ya mtumaji:

```
jobalerts-noreply@linkedin.com OR googlealerts-noreply@google.com
```

Weka tiki kwenye "Never send it to Spam" na "Categorize as: Primary". Kisha kila arifa ikija, fungua tangazo na uangalie kama limeandikwa "Reposted". Maana yake limewekwa upya, na huenda waombaji wa awali wameshaitwa. Silitupi, ila nalishughulikia baada ya yale mapya, na kwanza naangalia tarehe ya mwisho kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe.

Arifa ikikaa siku kumi bila kuleta hata tangazo moja, rudi uandike utafutaji ule ule kwa mkono. Ukipata kitu ambacho haikukuletea, ifute na uiunde upya.