Duka la milioni 18 lililokuwa la milioni 7: nilivyoutengua mkataba

Watu watatu waliniambia nilivumilie duka nililouziwa kwa uongo. Wa kwanza alisema biashara ni msimu. Wa pili alisema mkataba ukishatiwa saini ndiyo basi. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniudhi khasa, alisema kosa ni langu kwa kuwa sikufungua daftari. Pesa zangu nimeshazipata, sasa naandika.

Duka ni la vyakula, Jang'ombe, Zanzibar: mchele, unga, sukari, mafuta ya kupima, na pembeni meza ya uwakala wa pesa za simu. Nililinunua milioni 21. Milioni 9 ilikuwa bei ya mali tuliyoihesabu pamoja, na 12 ilikuwa kilemba, yaani bei ya duka lenyewe na wateja wake. Mali sina ugomvi nayo, unaishika na kuiona. Kilemba ndicho kilichosimama juu ya neno moja la muuzaji, kwamba duka linauza milioni 18 kwa mwezi. Kwa faida ya kama asilimia 10 hiyo ni milioni 1 na laki 8, ukitoa kodi, umeme na mshahara wa kijana hukosi milioni na ushei. Kilemba kingerudi ndani ya mwaka.

Wiki ya kwanza nilijiambia wateja hawajanizoea. Wiki ya tatu bado nauza kama 230,000 kwa siku, yaani milioni 7 kwa mwezi, ilhali milioni 18 inataka 600,000 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Ndipo nilipolitoa daftari la zamani lililoachwa chini ya meza. Lina safu mbili. Ya wino wa buluu imeandikwa "mali", ya wino mwekundu "simu". Mwezi mmoja mali ni 6,850,000, simu 11,200,000, na chini yake jumla: 18,050,000.

Pesa za simu si mauzo. Mtu akija kuweka laki, ile laki ni yake, changu ni kamisheni tu, na kamisheni ya mwezi mzima haikuzidi laki moja. Muuzaji alijumlisha pesa za watu na bei ya mchele akaziita mauzo ya duka.

Sikutegemea daftari peke yake. Nilikusanya risiti za ununuzi wa jumla, nyingi za Darajani, za miezi mitatu kabla sijaingia. Duka haliuzi kisichonunuliwa: mauzo ya milioni 18 yanataka ununuzi wa kama milioni 16, na risiti zote zilinipa milioni 6 na kidogo kwa mwezi. Ukinunua duka, omba risiti hizi kabla ya kitu chochote. Daftari huandikwa na anayeuza, risiti huandikwa na mtu mwengine.

Sasa hapa ndipo ninapojisifu. Mkataba wetu ulioandikwa haukutaja mauzo hata mstari mmoja, na maneno ya milioni 18 yalisemwa barazani juu ya kahawa. Ningeanza kwa kufoka, angekana. Basi nilimtumia ujumbe wa watsapu, mpole kabisa: "Ami, shikamoo. Natengeneza hesabu za mwenye mali wa jumla anikopeshe. Ile milioni 18 uliyonambia, ni mchele na unga tu au na simu imo?" Nilimpa mlango wa kutokea, angeweza kusema na simu imo, akawa amekosea kueleza tu. Alijibu kwa sauti, sekunde 20 hivi: "Ni bidhaa tupu hiyo, mwanangu. Simu ni juu yake." Nikaihifadhi ile sauti, nikaituma kwenye simu mbili nyengine.

Jibu lile lilikuwa na thamani kuliko nilivyojua. Sheria ya mikataba ya Zanzibar imetokana na ile ya India ya 1872, na kwa sheria hiyo mkataba ulioingiwa kwa maelezo yasiyo kweli haufi wenyewe. Unasimama mpaka aliyedanganywa achague kuutengua. Lakini ina mwanya: kama muuzaji alikosea huku anaamini anachosema, na mnunuzi angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, haki ya kutengua inaondoka. Huo ndio mwanya aliokuwa akiukimbilia muuzaji, "daftari lilikuwa mezani, mbona hukulifungua?" Ila mwanya haumfuniki aliyesema uongo huku anajua ni uongo. Na anayetenganisha buluu na nyekundu kwa mkono wake, kisha akasema ni bidhaa tupu, anajua.

Waingereza wao ni wakali zaidi kwa muuzaji. Mwaka 1881, katika kesi ya Redgrave na Hurd, wakili wa Birmingham aliyataja mapato ya ofisi yake kuwa makubwa kuliko yalivyokuwa, mnunuzi akapewa karatasi na asizichungue, na mahkama ya rufaa ikasema uvivu wa mnunuzi si kinga ya aliyetoa maelezo yasiyo kweli. Kwetu usilitegemee hilo peke yake. Tafuta ushahidi kwamba muuzaji alijua.

Barua yangu ya kwanza niliiandika mwenyewe, na ilikuwa takataka. Niliandika: "Nirudishie pesa, au punguza kilemba milioni 6, na wakati huo nitaendelea na duka." Wakili niliyempelekea alicheka. Sheria inakupa njia mbili: kutengua, au kuushika mkataba na kudai uwekwe pale ambapo ungekuwa kama maneno yangekuwa kweli. Huwezi kupanda punda wawili. Na ukishaujua ukweli, ukaendelea kuagiza mali na kuuza kama mwenye duka, unaweza kuhesabiwa umeridhika. Bahati yangu barua haikuwa imetoka, na tangu siku ya daftari sikuwa nimeagiza hata kiroba.

Ya pili ilikuwa fupi: ulisema hivi, si kweli kwa sababu hizi, nimeutengua mkataba kuanzia leo, njoo uchukue duka lako. Alipewa mkononi, akatia saini nakala. Siku hiyo hiyo nilifunga mlango na tukahesabu mali mbele ya sheha.

Kutengua maana yake kila mtu arudishe alichopata, na hapa wengi hukwama kwa kutaka pesa zote huku wameshakula nusu ya duka. Mali iliyokutwa ilikuwa ya milioni 8 na laki 2. Ile laki 8 iliyopungua, pamoja na faida ndogo niliyobaki nayo, nilikubali ikatwe. Alinirudishia milioni 20, 14 siku ya funguo na 6 baada ya miezi miwili kwa maandishi. Kwanza alikataa, mpaka wakili alipomsikilizisha sauti yake mwenyewe ofisini. Akanyamaza, akauliza kama inaweza kufutwa.

Kilichonipotea ni kodi. Nilikuwa nimemlipa mwenye nyumba miezi mitatu, naye hakuwa na kosa katika uongo ule, hivyo hakunirudishia. Ningeweza kuidai kwa muuzaji kama hasara, lakini niliiacha ili zile 6 zije kwa wakati. Zilichelewa siku tisa.