Jibu linasema "imekubaliwa". Sasa nini hasa kimekubaliwa?

Hii wiki yote nimekuwa na lile jedwali la maswali na majibu ya tenda ya vitanda vya dabodeka, taasisi moja ya umma inanunua vya mabweni na sisi na karakana yetu hapa Industrial Area tunataka hiyo kazi. Wazabuni wameuliza maswali 43, majibu yametoka kwa adenda tatu tofauti, yaani nyongeza rasmi zinazobadilisha hati ya tenda, na bosi anataka karatasi moja tu inayomwambia ni sheria gani za tenda zimebadilika. Moja tu, hataki hadithi.

Mtu akisikia hivyo anadhani ni kazi ya kukopi majibu uyapange. Dogo wa intanshipu ndivyo alivyoanza, akavuta safu ya majibu akaiweka kwa Ekseli, na nusu ya mistari ikawa inasema "imekubaliwa", "haijakubaliwa", "rejea hati ya tenda". Soma hiyo karatasi uniambie umejua nini. Jibu peke yake halina kitu ndani, kanuni yenyewe iko kwenye swali, jibu limeipa nguvu tu. Kwa hivyo lazima uvisome pamoja kisha uandike kwa maneno yako sentensi moja iliyo kamili, ilivyokuwa na ilivyo sasa.

Chukua swali la 12. Mzabuni aliuliza kama kampuni ambayo haijafikisha miaka mitatu tangu isajiliwe inaweza kuleta hesabu zilizokaguliwa za miaka 2 badala ya 3. Jibu: imekubaliwa. Dogo akaandika "hesabu zilizokaguliwa: miaka 2". Hapana bwana, hiyo ruhusa ni ya kampuni changa peke yake, hilo sharti limekaa kwenye swali na jibu halikulirudia. Sisi tuko na zaidi ya miaka kumi sokoni, tukileta za miaka 2 tunatolewa kwenye ukaguzi wa awali kabla mtu hajaangalia bei yetu. Ndio maana kwa karatasi yangu kuna safu ya "inamhusu nani", na kwa swali la 12 nimeandika wazi kwamba sisi haituhusu, tunabaki na 3.

Halafu kuna maswali yenye mambo mawili ndani ya sentensi moja, na haya ndiyo huniumiza kichwa. Swali la 19: mtakubali paipu ya unene wa milimita 1.2 badala ya 1.5, na delivari iwe wiki 8 badala ya 4? Jibu: "wiki 6 zinakubalika, mahitaji mengine yabaki yalivyo." Hapo kuna mistari miwili kwa orodha. Wa kwanza, delivari imetoka wiki 4 ikaenda 6, si 8. Wa pili, paipu ni 1.5 vilevile, haijabadilika. Huo wa pili nauandika pia japo si badiliko, kwa sababu najua fundi wetu atasikia mahali kwamba kuna mtu aliomba 1.2 na atataka kupigia bei hiyo, na akifanya hivyo bei yetu yote imeharibika.

Kwa hivyo kila swali, kuanzia la 1 hadi la 43, linapata alama. Imebadilika, imefafanuliwa tu, imekataliwa, au imerudiwa. Hata lile la kijinga la mtu aliyeuliza ofisi iko ghorofa gani. Ukiyaruka yale "yasiyo na maana" hutaweza kujua baadaye kama uliliona ukaliacha ama hukuliona kabisa.

Sasa kitu ambacho hakiko kwenye jedwali kabisa lakini ndicho kingetutoa. Tenda ilitangazwa Februari 19, ikawa ifungwe Machi 12, siku 21. Adenda ya tatu ikatoka Machi 7, zimebaki siku 5. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya 2015, kifungu cha 75, inasema hati ikibadilishwa wakati muda uliobaki ni chini ya theluthi ya muda wote waliopewa watu kujiandaa, lazima waongeze muda. Theluthi ya 21 ni 7, na 5 ni chini ya hapo, basi wakasogeza kufunga hadi Machi 26. Kila mtu ofisini akafurahi, tumepata wiki mbili.

Lakini bondi ya tenda je, ile dhamana ya benki tunayoambatanisha na tenda yetu? Hati inasema tenda iwe hai siku 120 tangu kufungwa, na bondi ipite hapo kwa siku 30. Yaani siku 150 tangu siku ya kufungwa. Ukihesabu toka Machi 12 unafika Agosti 9, na hiyo ndiyo tarehe benki ilishaandika kwa bondi yetu. Ukihesabu toka Machi 26 ni Agosti 23. Hakuna swali hata moja lililotaja bondi, adenda haikutaja bondi, lakini bondi yetu imekuwa fupi kwa siku 14. Nimeiweka kwa orodha kama badiliko la kufuata na chanzo chake nikaandika "adenda 3, tarehe ya kufunga", na benki imeshaombwa itoe marekebisho. Tangu hapo kila tarehe ikisogea natafuta hati nzima neno "tangu kufungwa" nione nini kingine kinaning'inia hapo.

Jambo lingine ni chanzo. Kulikuwa na mkutano wa wazabuni kabla ya tenda, na afisa mmoja akasema sampuli ya kitanda kimoja inatosha badala ya viwili. Iko hadi kwa kumbukumbu za mkutano, zimechapwa vizuri. Mwenzangu wa mauzo akasema si hiyo ni rasmi. Pole, maelekezo kwa wazabuni yenyewe yanasema badiliko lolote linalotokana na mkutano litafanywa kwa adenda tu, sio kwa kumbukumbu. Nimepitia adenda zote tatu na sampuli haipo. Kwa hiyo kwa karatasi ya bosi sampuli ni mbili, na pembeni nimeweka alama ya "imesemwa, haijatolewa".

Kimebaki kimoja kinanikera. Swali la 7 linasema nakala ya barua ya mtengenezaji wa magodoro inatosha, swali la 31 linasema lazima iwe orijino, na la 31 limekuja kwa adenda ya baadaye. Watu wawili wameuliza kitu kilekile wakapata majibu mawili, na aliyejibu la pili inaonekana hakusoma la kwanza. La baadaye ndilo la kufuata, lakini halikusema kwamba linafuta la 7, so nimeandika barua ya kuuliza mapema kabla muda wa maswali haujafungwa. Hawajajibu. Orijino nimeshaiagiza kwa mtengenezaji, itakuja na kuria kesho.