Bendi mbili zilizokuwa tatu: nilivyolipata swali la jeli

Kaka mmoja wa mwaka wa juu yangu alitupa ushauri ambao mpaka leo ukinijia nasonya: "Swali la jeli ni la bure. Kubwa juu, ndogo chini, umemaliza." Kweli, vipande vya DNA vikivutwa na umeme ndani ya jeli, kubwa hubaki juu karibu na vishimo vilikoanzia na ndogo hushuka. Ila kwa maneno hayo utapata alama mbili, na swali lilikuwa na alama kumi na tano.

Kilichonisaidia ni kujiuliza kwanza kwa nini ndogo hushuka. DNA ina chaji hasi kwa sababu ya fosfeti zake, kwa hiyo hukimbilia elektrodi chanya. Lakini uzi mrefu una fosfeti nyingi zaidi, mbona hauendi kasi zaidi? Kwa sababu mzigo nao umeongezeka kwa kiasi kilekile. Ukiziachia nyuzi hizo kwenye bafa tupu, ndefu na fupi zingefika karibu pamoja. Kinachozitenganisha ni matundu ya agarosi, ile jeli yenyewe: kamba ndefu ukiivuta katikati ya miiba hunasa kila hatua, kipande kifupi kinapenya. Protini hazina chaji ya kulingana namna hiyo, ndiyo maana huchemshwa kwanza na sabuni ya SDS, ikazinyoosha na kuzivika chaji hasi kulingana na uzito.

Sasa swali lenyewe. Plazmidi, DNA ndogo ya bakteria, ya duara, jozi 6,000 za besi. Ikikatwa na kimeng'enya cha EcoRI inatoa bendi moja ya 6,000. Ikikatwa na kimeng'enya cha BamHI inatoa 4,500 na 1,500. Ikikatwa na vyote viwili, bendi mbili ambazo ukubwa wake hatukupewa, moja milimita 25 kutoka kishimoni, nyingine milimita 37. Kwenye ngazi ya vipimo, yaani vipande vya ukubwa unaojulikana, 4,000 ilikuwa milimita 20 na 1,000 milimita 44. Chora ramani ya sehemu ambazo kila kimeng'enya hukata.

Wengi walishika rula wakagawa sawasawa, kila milimita jozi 125. Wakapata 3,375 na 1,875, kisha wakaanza kulaumu mtungaji. Umbali haufuati ukubwa, unafuata logi ya ukubwa. Kutoka 4,000 hadi 1,000 ni kugawa kwa nusu mara mbili, na imechukua milimita 24. Basi kila milimita 12 ukubwa unapungua nusu! Bila hata grafu nikajua bendi ya 37 ni nusu ya bendi ya 25. Kisha nikapiga mstari wa logi: 3,000 na 1,500. (Mstari huu hunyooka katikati ya jeli tu; vipande vikubwa sana hurundikana juu, usiuamini huko.)

Hapo ndipo utamu ulipo. Jumlisha: 3,000 na 1,500 ni 4,500. Plazmidi ni 6,000. Jozi 1,500 zimekwenda wapi? Hazikupotea, vipande viwili vya 1,500 vimelaliana kwenye bendi moja. Na picha ilikuwa imetoa ushahidi, ila ulitakiwa uitazame. Rangi hushika DNA kulingana na wingi wake, kwa hiyo kipande kimoja cha 1,500 kingeng'aa nusu ya kile cha 3,000. Zile bendi mbili ziling'aa sawa. Nilitabasamu peke yangu chumba cha mtihani, msimamizi akanitazama vibaya.

Ramani ikajichora. Duara likikatwa mara moja hutoa uzi mmoja, kwa hiyo EcoRI ina sehemu moja. BamHI ina mbili, zilizoachana kwa 1,500. EcoRI imeingia ndani ya kile kipande cha 4,500 na kukigawa 1,500 na 3,000. Weka BamHI kwenye 0 na 1,500, EcoRI kwenye 3,000. Aliyeweka EcoRI kwenye 4,500 naye yuko sahihi, ni ramani ileile imegeuzwa. Kama plazmidi ingekuwa uzi ulionyooka, mkato mmoja ungetoa vipande viwili. Soma neno "duara" kabla ya kushika kalamu.

Kwenye jeli kulikuwa na mstari mwingine wa plazmidi isiyokatwa, wenye bendi mbili, na mtego wake ulinasa hata vinara wa darasa. Wakazipima kwa ngazi, wakasema kuna plazmidi mbili. Ngazi imetengenezwa kwa nyuzi zilizonyooka. Duara lililojisokota limejibana, hukimbia mbali kuliko ukubwa wake. Duara lililochanika uzi mmoja hulegea na kuchelewa. Zote mbili ni 6,000. Kwenye mstari huo niliandika umbo la kila bendi, nikaacha nafasi ya ukubwa wazi kwa makusudi na kueleza sababu.